Jina la Pili kwenye Akaunti

Kurwa alimtangulia Doto kuja duniani kwa robo saa, na robo saa hiyo ameitoza kodi kwa miaka hamsini na minane. Walipokuwa wadogo ndiye aliyechagua upande wa kitanda. Ndiye aliyeolewa kwanza, ndiye aliyefiwa na mume kwanza, na hata msiba ulipomfika pacha wake baadaye, alimkalia pembeni akimwelekeza namna ya kulia. Ukimwambia kwamba robo saa si kitu, atakuuliza wewe ulikuwa wapi wakati yeye anafungua njia.

Majina yao ya kwenye vyeti hakuna aliyeyatumia. Nyumbani Kurwa na Doto, mtaani Kurwa na Doto, na kwenye kibao cha kazi yao palipakwa rangi nyekundu: KURWA NA DOTO, MAPAZIA YA KILA AINA. Herufi za Kurwa zilikuwa kubwa kidogo. Alimwambia Doto kwamba ni kwa sababu ubao ulianza na nafasi ya kutosha.

Walishonea kwenye chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyochakaa pembeni kwa kuegemewa na matumbo ya wateja, na marobota ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani. Kurwa alikata na kuongea. Doto alishona na kunyamaza. Mteja akiingia na vipimo vya dirisha vilivyoandikwa kwenye kiganja cha mkono, Kurwa alimsema mpaka akarudi kupima upya, na Doto akampa kiti cha kupumzikia aliporudi. Kwa mwendo huo wakapata wateja wengi, kwa sababu watu wanapenda kusemwa na mtu anayejua kazi, mradi pawe na kiti.

Miaka kumi na moja iliyopita walipata kazi ya kushona mapazia ya nyumba ya wageni yenye vyumba arobaini, na kwa mara ya kwanza wakawa na pesa zisizotosha kwenye kopo. Wakaenda benki kufungua akaunti ya pamoja. Fomu aliijaza Kurwa. Kwa maelezo yake, Doto alikuwa hana miwani siku ile, na mtu asiye na miwani hapewi kalamu ya benki. Jina lake akaliweka la kwanza, la Doto la pili, wakatia sahihi, wakapigwa picha, wakarudi kushona.

Njiani Doto akauliza, "Sasa mimi nikitaka kutoa pesa nafanyaje?"

Hapo ndipo Kurwa alipotunga lile jambo. Sijui shetani gani alimpitia, na yeye mwenyewe ukimuuliza leo atasema ni jua. Alimwambia pacha wake kwamba kwenye akaunti ya watu wawili, wa kwanza ndiye dereva na wa pili ni tairi la akiba. Wa pili huandikwa tu, ili wa kwanza akifa pesa zisipotee. Kutoa, hatoi.

"Ndivyo benki inavyosema?" Doto akauliza.

"Sikio halizidi kichwa," Kurwa akajibu, na ukiangalia vizuri, hilo si jibu.

Basi miaka kumi na moja ikaenda hivyo. Doto akitaka viatu, anamwambia Kurwa. Akitaka kumtumia mwanawe nauli, anamwambia Kurwa, na anaeleza mwana huyo anasafiri kwenda wapi na kwa nini asikae alipo. Kurwa anavaa vizuri, anaenda benki, anarudi na pesa na ushauri. Haki ya mtu isiliwe: hakuwahi kumwibia pacha wake hata senti. Alichokipenda si pesa, alipenda kuombwa.

Mwaka huu mwenye nyumba akaamua kuuza vyumba vyake vya mbele. Alikuwa mzee mpole asiyependa maneno mengi. Aliwaambia pacha kwamba kwa kuwa wamekaa pale miaka ishirini bila ugomvi, anawapa wao nafasi ya kwanza. Ila kuna muuza simu wa mtaa wa pili ambaye pesa zake ziko tayari. Wakimlipa benki kabla ya saa tisa alasiri ya Ijumaa, chumba ni chao. Saa tisa ikipita, wamsamehe.

Pesa zilikuwepo. Zilikuwepo kwa sababu Doto alishona na Kurwa akabana. Chumba kile kikienda, wangeanza upya kutafuta pa kupanga, na kwa umri wao, na kwa bei za siku hizi, kuanza upya ni namna nyingine ya kuacha kazi. Wote wawili walilijua hilo na hakuna aliyelitamka.

Ijumaa saa nne asubuhi Kurwa alikuwa benki, amevaa gauni la kijani na viatu vya kubana. Alichukua namba, akangoja, akaitwa. Akamkabidhi karani wa dirishani fomu ya kuhamisha pesa kwenda akaunti ya mwenye nyumba, iliyokuwa kwenye benki hiyo hiyo. Karani akabonyeza, akatazama kioo, akabonyeza tena.

"Mama, akaunti hii imezuiwa. Kuweka unaweka, kutoa haitoi. Nenda dawati la huduma kwa wateja."

Kwenye dawati alikaa binti mwembamba mwenye kucha safi na sauti ya upole. Kurwa alimwona mdogo, akaamua kuanza kwa ukali ili kuokoa muda.

"Mwanangu, pesa zangu mmezifanya nini?"

"Zipo zote, mama. Tatizo ni jina. Tunahakiki wateja wote, tunalinganisha jina lililopo kwetu na jina la kwenye kitambulisho. La kwako liko sawa. La mwenye akaunti wa pili halilingani. Kuna herufi moja inakosekana."

"Herufi moja!"

"Moja, mama. Lakini mashine haijui kwamba ni moja. Yenyewe inaona tu kwamba mwenye namba hii ya kitambulisho ana jina lingine. Na akaunti ni ya watu wawili, kwa hiyo mmoja akiwa hajulikani, haimfungukii yeyote. Tulikutumia ujumbe mara tatu."

Ni kweli walituma. Kurwa aliufuta mara zote tatu, na mara ya tatu aliwatukana kwanza, akijua kwamba ni matapeli. Ujumbe unaosema njoo na kitambulisho, jina lako lina kasoro, mtu mwenye akili zake anaujibu vipi? Hilo hakumwambia binti.

"Basi liongezee hiyo herufi," akasema. "Mkono si unao?"

"Siwezi peke yangu. Anatakiwa aje yeye mwenyewe na kitambulisho halisi, ajaze fomu ya kurekebisha taarifa, na nyote mtie sahihi. Kisha msimamizi aidhinishe."

Kurwa akatazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro. Akasogeza kiti mbele.

"Sikiliza, mwanangu. Yeye na mimi ni pacha, tumefanana kila kitu. Ukinitazama mimi umeshamwona yeye. Nikienda nyumbani nikarudi na kitambulisho chake..."

"Tunachukua alama za vidole, mama."

"Hata vidole tunafanana."

"Vidole havifanani," binti akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Kurwa akaona ni vyema kukohoa.

Hakuwa na njia ila kumpigia Doto. Na hapo, jamani, ndipo mtu angemhurumia, kwa sababu ndani ya simu ile fupi ilibidi aseme neno ambalo hakuwahi kulisema maishani: kwamba benki haiwezi kufanya kitu bila yeye. Alilisema haraka sana ili lisisikike.

"Hebu rudia," Doto akasema. "Cherehani ilikuwa inapiga kelele."

Cherehani ilikuwa imezimwa. Kurwa akarudia.

Doto alifika saa sita na nusu, akiwa na nyuzi kwenye mabega na miwani kwenye kamba shingoni. Hakuwa na haraka. Alimsalimia mlinzi, akamuuliza hali ya watoto wake, akaja kuketi kando ya pacha wake, na binti wa dawati akawatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyehesabu kitu akapata jumla mbili.

Kurwa alikuwa ameutumia muda wa kungoja kuchemka. Aliyekosea jina lazima ni benki. Nani mwingine? Wao ndio wenye mashine, wao ndio wenye kucha safi. Akaanza kwa sauti ya kusikika hadi foleni ya dirishani.

"Mwanangu, mwenzangu huyu ameacha kazi, amekuja hapa kwa makosa yenu. Nataka kumjua karani aliyeandika jina la ndugu yangu vibaya. Nataka nionyeshwe kwa macho yangu!"

"Dada, acha," Doto akasema polepole.

"Siachi! Jina la mtu ni heshima yake. Mtu anaandikaje jina la mwenzake bila kujali?"

Watu wawili kwenye foleni wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Binti akainuka bila kusema, akaenda nyuma, akakaa huko kwa muda mrefu. Saa ya ukutani ikafika saa saba na dakika kumi. Akarudi na jalada lililofifia rangi, akalifungua juu ya dawati, akaligeuza liwaelekee.

Ilikuwa fomu ya kufungulia akaunti. Wino wa bluu, mwandiko mkubwa ulioinama kulia, wenye mikia mirefu. Mtaa mzima ulikuwa na risiti za mapazia zenye mwandiko huo.

"Karani aliingiza kama ilivyoandikwa hapa," binti akasema. "Na hii ni nakala ya kitambulisho cha mama iliyobanwa nyuma. Ona, hapa herufi ipo, kwenye fomu haipo. Kosa letu ni kutolinganisha siku ile. Lakini aliyejaza... sijui nani alijaza."

Kurwa alijua nani alijaza. Foleni ya dirishani pia ikajua, kwa namna alivyolitazama lile jalada. Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, tena mbele za watu, na yalikuwa ya moto.

Akajaribu kidogo. "Kalamu za benki hizi, zinaruka."

"Haikuruka," Doto akasema. Alivaa miwani, akaisogeza fomu, akaweka kidole chini ya jina lake. "Ndivyo unavyoliandika siku zote. Kwenye kadi ya harusi yangu uliandika hivi hivi. Kwenye daftari la msiba wa mume wangu, hivi hivi. Hata shuleni."

"Mbona hukusema?"

"Siku ile niliiona. Miwani ilikuwa kwenye mkoba. Nikaona umekosa, nikasema nimwache, ataona mwenyewe. Pacha wangu, hatakosa kuona. Nikatia sahihi." Akavua miwani. "Miaka kumi na moja, Kurwa."

Kurwa alikuwa akijua sahani anayoipenda Doto, jino linalomuuma Doto, na ndoto anazoota Doto akila usiku sana. Alijisifu kwa watu kwamba anamjua pacha wake kuliko Doto anavyojijua. Na jina lake hakulijua. Aliona aibu iliyomshuka hadi kwenye viatu, na chini ya aibu kulikuwa na huzuni, kwa sababu aliikumbuka ile kadi ya harusi, na jinsi Doto alivyoishika kwa muda mrefu, na yeye akadhani ni furaha.

"Nisamehe," akasema. Lilikuwa neno la pili la mara ya kwanza siku hiyo.

Doto akaivuta kalamu ya benki iliyofungwa kamba. Binti wa dawati, ambaye hakujua anakanyaga nini, akajaribu kusaidia.

"Msijali, akina mama, inarekebishika. Fomu hii hapa. Na kwa kuwa nakala ya kitambulisho ilikuwepo tangu mwanzo, hatuhitaji hata kiapo cha mwanasheria. Mama sahihi hapa, mama sahihi hapa. Ikishaidhinishwa, yeyote kati yenu anaweza kufanya muamala kama kawaida."

Doto alikuwa ameshika kalamu. Akaisimamisha hewani.

"Yeyote?"

"Ndiyo, mama. Mlichagua hivyo. Hapa, angalia, kuna visanduku viwili: 'wote wawili pamoja' na 'yeyote kati yao'. Mliweka alama kwenye 'yeyote'."

"Kwa hiyo hata huyu wa pili anatoa pesa?"

"Sawa kabisa na wa kwanza."

Kurwa aligundua kwamba dari ya benki ile ilikuwa na taa nyingi sana. Akaanza kuzihesabu.

"Mwanangu," Doto akasema, sauti yake tamu kama uji wa mgonjwa, "mimi ni mshonaji tu, nisaidie. Huyu wa kwanza, kazi yake hasa ni nini?"

"Si kazi, mama. Ni mpangilio tu. Jina lake linatangulia kwenye kitabu cha hundi na kwenye taarifa ya akaunti, na sisi tukiwa na habari, tunaituma kwenye simu yake. Kama ule ujumbe wa jina. Kila pesa inayotoka, yeye ndiye anapata ujumbe."

"Kwa hiyo si dereva."

"Dereva?"

"Na wa pili si tairi la akiba."

Binti akawatazama kwa zamu. Kwenye foleni mtu mmoja alicheka kisha akajifanya anapiga chafya. Kurwa alifika taa ya kumi na nne.

Saa saba na nusu. Fomu ilikuwa imelala pale, sahihi ya Kurwa imeshakaa, nafasi ya Doto tupu, na kalamu mkononi mwa Doto ikizunguka taratibu. Kurwa akaacha taa.

"Doto, chumba. Tafadhali. Nitukane nyumbani, hata wiki nzima, lakini chumba kitaondoka."

"Chumba najua."

"Nakupa nafasi ya kwanza," Kurwa akasema, na alimaanisha, ingawa ilimtoka kama jino. "Mwanangu, badilisha. Mweke yeye juu, mimi chini."

"Hiyo si ya leo, mama," binti akasema. "Kubadili mpangilio ni ombi lingine, na kitabu cha hundi kinabadilishwa pia. Siku tatu, nne hivi. Mnaweza kujaza nikaanza..."

"Usianze," Doto akasema.

"Hutaki?" Kurwa akashangaa.

"Nimefika mbali kwa jina la pili. Libaki hapo hapo, ila liwe langu."

Akavaa miwani tena. Akajaza jina lake mwenyewe kwenye fomu, herufi moja moja, zote, na ile iliyokosekana akaiandika kwa kubonyeza mpaka karatasi ikatoa nundu upande wa pili. Kisha akatia sahihi. Akaweka kidole kwenye kijimashine, taa ya kijani ikawaka, na binti akakimbiza karatasi kwa msimamizi, ambaye alikuwa anakula na ilibidi amalize kutafuna.

Saa nane na dakika ishirini akaunti ilifunguka. Saa nane na nusu fomu ya kuhamisha pesa ilipita. Saa nane na dakika arobaini mwenye nyumba akapiga simu mwenyewe kusema ameziona, wapite jioni na mashahidi wao waandikishane. Kurwa akaegemea kiti, akavua kiatu kimoja chini ya dawati, na machozi yakamlenga bila ruhusa yake.

"Tumepata, Doto," akasema. "Chumba chetu."

"Tumepata," Doto akasema, akamshika mkono, akaufinya. Walikaa hivyo kidogo, na kwa muda ule mtu asingejua nani ni nani.

Kisha Doto akainuka. Akatundika mkoba begani, akaenda mahali penye karatasi za kutolea pesa, akachukua moja, akaijaza kwa utulivu huku ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama afanyavyo akipinda upindo mgumu. Akasimama kwenye foleni. Kurwa akafikiri anauliza kitu. Akafikiri anaomba risiti. Akamwona anafika dirishani, anatoa kitambulisho, anaweka kidole, anatia sahihi, anapokea noti, anazihesabu mara mbili, anamshukuru karani kwa jina lililoandikwa kifuani pake, na kuzikunja.

Simu ya Kurwa ikatetemeka kwenye mkoba. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Pesa zilikuwa zimetoka. Si nyingi, lakini si kidogo. Mahali, saa, na salio lililobaki, vyote viliandikwa pale bila kosa.

Doto akarudi, akifunga zipu ya mkoba.

"Za nini hizo?" Kurwa akauliza, kabla hajauwahi mdomo wake.

Doto akamtazama kwa upendo wote wa miaka hamsini na minane.

"Si wewe ndiye wa kwanza, dada? Ujumbe umekuja kwako. Umeambiwa zimetoka. Za nini, hiyo benki haiandiki."